Wimbo unasambaa, hesabu haisogei

Na Rehema Kilonzo

Posti ya kutangaza wimbo mpya ina kazi moja: kumtoa shabiki pale alipoiona na kumfikisha mahali ambapo usikilizaji wake unahesabiwa. Posti nyingi za wasanii wetu hukwama hapo. Huwa na bango zuri, maneno "ngoma iko hewani" na majina ya majukwaa yote, kisha shabiki anaachwa ajitafutie.

Hasara kubwa hutokea kwenye magrupu ya WhatsApp. Shabiki mwenye mapenzi ya kweli hupakua faili la MP3, akawatumia jamaa zake, na wimbo ukapigwa mtaa mzima. Msanii haoni chochote kwenye hesabu zake, kwa sababu faili likishaingia kwenye simu linachezwa nje ya jukwaa. Shabiki halaumiwi, aliambiwa "sambaza", hakuambiwa asambaze nini.

Spotify huhesabu usikilizaji wimbo ukichezwa angalau sekunde 30. Tangu 2024, wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haumwingizii msanii mrabaha wa rekodi hapo. Kwa msanii anayeanza, msikilizaji aliyetoka kwenye sekunde ya 20 ni sawa na asiyekuja. Ndiyo maana kipande cha video kwenye posti kinapaswa kuwa kiitikio chenyewe, ili anayekuja awe ameshaupenda.

Chukua msanii wa singeli wa Dar es Salaam. Anatengeneza linki moja inayofungua ukurasa wenye YouTube, Boomplay, Audiomack na Spotify, na kila mtu anagusa programu aliyonayo. Linki iliyoandikwa kwenye maelezo ya posti ya Instagram haifunguki kwa kuguswa, kwa hiyo anaiweka kwenye bio na kwenye stori. Kwenye WhatsApp anatuma linki yenyewe na maneno haya: "Wimbo mpya umetoka. Gusa hapa usikilize hadi mwisho, kisha mtumie linki hii rafiki mmoja anayependa singeli." Ombi la kumtumia mtu mmoja anayejulikana hutekelezeka kirahisi kuliko "sambaza kwa wote". Kabla ya kuposti, linki ijaribiwe kwa simu ya mtu mwingine, maana ikitumwa kabla wimbo haujapanda, hufungua ukurasa mtupu.

Mashabiki wasiombwe kuucheza wimbo usiku kucha simu ikiwa kimya. Majukwaa hufuta usikilizaji wa bandia, na Spotify huweza kuitoza faini kampuni inayousambaza wimbo kwenye majukwaa.

Siku inayofuata baada ya kuposti, hesabu za ukurasa wa linki huonyesha tatizo lilipo. Posti ikipata "like" nyingi na ukurasa ukafunguliwa na wachache, maneno ya posti hayakueleza la kufanya. Ukurasa ukifunguliwa na wengi lakini wachache wakagusa programu, huenda jukwaa wanalolitumia halimo, au limewekwa chini mno wasilione.