Alama sifuri ya nimonia haitoshi kumrudisha askari bwenini

Base ya Kamina nchini Kongo, iliyojengwa na Wabelgiji baada ya Vita Kuu ya Pili, bado ni kambi ya kufundishia askari, na wengi wanaofundishwa huwa vijana. Kijana wa namna hiyo akifika zahanati na homa, kikohozi na kichomi, lazima mtu aamue: alazwe, au apewe vidonge arudi bwenini?

Kipimo kinachojulikana zaidi, CURB-65, kilichapishwa mwaka 2003 kutokana na wagonjwa wa Uingereza, Nyuzilandi na Uholanzi. Mgonjwa hupata alama moja akichanganyikiwa, moja yurea ya damu ikizidi 7 mmol/l, moja akipumua mara 30 au zaidi kwa dakika, moja presha ya juu ikiwa chini ya 90 au ya chini ikiwa 60 kushuka, na moja akiwa na miaka 65 au zaidi. Mwenye sifuri au moja hutibiwa nyumbani. Kuanzia tatu, hali ni mbaya. Pasipo maabara, yurea huachwa, na hapo ni mwenye sifuri tu anayerudi nyumbani.

Tuseme kijana ana miaka 22. Anajua alipo na leo ni siku gani, presha ni 100/65, yurea iko chini. Muuguzi anahesabu pumzi kwa sekunde 15, anapata 7, anazidisha kwa nne: 28. Alama sifuri. Angepata 8, ingekuwa 32, na alama moja. Pumzi moja imebadilisha hesabu; ndiyo maana zihesabiwe dakika nzima, mgonjwa akiwa ametulia.

Lakini oksimita kidoleni inasoma 85, na wenzake wawili wamembeba kumfikisha. Kipimo hakiulizi lolote kati ya hayo. Mwili wa kijana huweza kushikilia presha mpaka dakika za mwisho, na alama ya umri haimhusu kabisa. Watafiti wa Blantyre, Malawi, waliokuwa na wagonjwa wengi vijana wenye VVU, walipendekeza mwaka 2013 kipimo kingine, SWAT-Bp, kinachouliza pia kama mgonjwa amekonda na kama anaweza kutembea. Naona hayo ni maswali ya kwetu.

Yurea nayo ina mtego. Maabara ikiandika mg/dl, mpaka ni kama 42. Lakini mashine ikipima naitrojeni ya yurea peke yake, mpaka ni karibu 20. Asiyejua tofauti hiyo atamwona mgonjwa mahututi kuwa mzima.

Kwa hiyo alama zitumike kulaza watu. Kumrudisha mtu bwenini kunadai zaidi ya sifuri: oksijeni isiwe chini ya 92, atembee mwenyewe, ameze dawa bila kutapika, na awepo wa kumwangalia usiku na kumrudisha akizidiwa. Wakuu wa zahanati wanaopanga bajeti wanunue oksimita kwanza, kabla ya vitendanishi vya yurea.