Mwezi au mwaka: mtego ulio ndani ya swali la riba

Swali lilikuwa fupi. Mtu amekopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, inayolimbikizwa kila baada ya miezi mitatu. Baada ya mwaka mmoja na nusu atadaiwa kiasi gani, ikiwa hajalipa chochote? Chini yake niliweka majibu manne: 236,000, 238,810, 340,487, na 394,765. Niliwapa wanakikundi wa kuweka na kukopa niliokuwa nawafundisha. Mama mmoja aliyechagua jibu la tatu alipoona limekatwa aliniambia waziwazi, "Mwalimu, hapa umetutega."

Lalamiko lake ni la haki na halijibiwi kwa kusema tu kwamba angesoma vizuri. Wapo walimu wanaoamini kuwa jaribio la fedha lipime jambo moja: je, mtu anajua tofauti ya riba ya kawaida, inayohesabiwa juu ya fedha ya mwanzo peke yake, na riba limbikizi, yaani riba inayozaa riba? Kwao, kuchezea miezi na miaka ni kupima macho ya msomaji badala ya ufahamu wake wa fedha. Mimi nimefikia maoni tofauti, na sababu yake imo katika yale majibu manne.

Jibu sahihi ni la pili. Riba ya mwaka ni asilimia 12, basi kila miezi mitatu ni asilimia 3. Mwaka mmoja na nusu una vipindi sita vya miezi mitatu. Deni linakua kwa asilimia 3 mara sita mfululizo, na linafika 238,810. Aliyechagua la kwanza alitumia riba ya kawaida: asilimia 12 kwa mwaka, kwa mwaka mmoja na nusu, ni asilimia 18, yaani 36,000. Yule mama wa jibu la tatu alijua kulimbikiza vizuri kabisa, na asilimia 3 aliipata. Alichokosea ni kuhesabu miezi 18 kana kwamba kila mwezi ni kipindi kimoja. Wa jibu la nne alihesabu vipindi sita sawasawa, lakini akasahau kuigawa ile asilimia 12, akaitoza nzima kila baada ya miezi mitatu.

Sasa tazama ukubwa wa makosa hayo. Aliyechanganya riba ya kawaida na riba limbikizi amekosea kwa shilingi 2,810. Aliyechanganya vipindi amekosea kwa zaidi ya shilingi laki moja, au laki moja na nusu. Kosa tunalolihubiri zaidi darasani ndilo dogo, na lile tunaloliita la uzembe wa kusoma ndilo linalommaliza mkopaji.

Hali hiyo haimo kwenye mtihani tu. Chukua mkopo wa vikundi vyetu, shilingi 300,000 kwa miezi mitatu, riba asilimia 10. Ikiwa asilimia hiyo ni ya mkopo mzima, riba ni 30,000. Ikiwa ni ya kila mwezi, kwa hesabu ya kawaida juu ya fedha ya mwanzo, ni 90,000. Ikilimbikizwa kila mwezi, ni 99,300. Kulimbikiza kumeongeza 9,300, lakini maneno mawili, "kwa mwezi", yameongeza 60,000. Watu wanaotoa mikopo ambayo Tanzania tumezoea kuiita kausha damu wanaishi ndani ya maneno hayo mawili. Asilimia inatajwa kwa sauti, kipindi kinamezwa.

Hapo nikiri jambo moja. Riba limbikizi inaonekana ndogo kwa sababu vipindi vilikuwa vichache. Vikizidi, inageuka. Nchini Kenya, huduma ya M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Mara 12 kwa hesabu ya kawaida ni asilimia 90 kwa mwaka. Ikiwa kila mwezi deni lote pamoja na ada linakopwa upya, inakuwa kama asilimia 138. Pengo hilo si la kupuuzwa. Lakini ona linatoka wapi: ni idadi ya vipindi inayoipa riba limbikizi nguvu. Anayefundisha riba limbikizi bila kufundisha vipindi anafundisha jembe bila mpini.

Hata watafiti wakubwa wameligusa jambo hili. Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell walitunga swali lililoingizwa katika utafiti wa wazee na wastaafu wa Marekani mwaka 2004: ukiwa na dola 100 benki kwa riba ya asilimia 2 kwa mwaka, baada ya miaka mitano utakuwa na zaidi ya dola 102, dola 102 kamili, au pungufu? Swali hilo hutajwa mara nyingi kama kipimo cha riba limbikizi. Sivyo. Kwa riba ya kawaida unapata 110, kwa riba limbikizi 110.41, na zote mbili zinazidi 102. Dola 102 ni fedha ya mwaka mmoja. Chambo chake ni kipindi. Utafiti wa dunia wa Standard & Poor's wa mwaka 2014 uliuliza kwa namna nyingine: dola 100, asilimia 10, miaka mitano, je, ni zaidi ya 150? Hapo 150 ndiyo jumla kwa riba ya kawaida ya miaka yote mitano, na jibu limbikizi ni karibu 161. Maswali yanafanana kwa sura, lakini kila moja linavua samaki wake.

Kwa hiyo natetea mtego wa kipindi, lakini si kila mtego. Swali likisema "asilimia 12, inalimbikizwa" bila kusema kwa mwaka au kwa mwezi, wala kila baada ya muda gani, halina jibu sahihi hata moja, na mwanafunzi anayekosa hana kosa. Kipindi cha riba, kipindi cha kulimbikiza na muda wote wa mkopo viandikwe vyote vitatu kwa maneno kamili. Kila jibu la uongo litokane na kosa moja linalojulikana. Nikiona jibu la tatu limechaguliwa na wengi, najua kesho nifundishe kuhesabu vipindi. Likichaguliwa la nne, nifundishe kugawa riba. Jibu la uongo lililobuniwa ovyo halinifundishi chochote.

Ipo pia njia ya kuukwepa mtego pasipo kikokotoo, nami siioni kama udanganyifu. Gawanya 72 kwa riba ya mwaka, unapata takribani miaka ambayo fedha itachukua kuwa maradufu. Kwa asilimia 12 ni miaka sita. Deni la 200,000 linawezaje kukaribia laki nne kwa mwaka mmoja na nusu? Jibu la nne limeanguka, na la tatu linayumba. Anayepima hivyo ataanza kupima hivyohivyo mbele ya mkopeshaji.

Yule mama alirudi wiki iliyofuata na daftari la kanuni za kikundi chao. Alinionyesha mstari mmoja: "Riba ya mkopo ni asilimia 10." Hakukuwa na neno jingine. Alikuwa amemuuliza katibu, akaambiwa ni kwa mwezi. Mweka hazina akamwambia ni kwa mkopo mzima, mpaka utakapokwisha.