Jibu la mazoezi likifanana na kazi ya chuo, kosa linaanzia wapi?

Mama mmoja, msikilizaji wetu, alitutumia ujumbe: "Mwanangu anasoma sheria mwaka wa kwanza. Ameitwa kwenye kamati ya nidhamu ya chuo. Anasema alifanya mazoezi tu kwenye simu. Kwani mazoezi ni kosa?"

Mazoezi si kosa, mama. Lakini kuna mpaka, na tutauonyesha kwa mfano.

Katika somo la mikataba, mhadhiri hutunga kisa kifupi na mwanafunzi hutoa ushauri wa kisheria. Tuseme kijana ameiomba programu ya akili mnemba, kama ChatGPT, imtungie swali la kujipima pamoja na jibu lake. Inamletea hili: Pendo anamwambia Saidi atamuuzia shamba kwa shilingi milioni 4. Saidi anajibu kuwa atatoa milioni 3 na nusu. Pendo anakataa. Baadaye Saidi anarudi na kusema, "Basi nimekubali milioni 4." Je, kuna mkataba?

Jibu ni hapana. Mwaka 1840 huko Uingereza, katika kesi ya Hyde dhidi ya Wrench, mwenye shamba alitaka pauni 1,000 na mnunuzi akasema 950. Alipokataliwa, mnunuzi akasema anakubali 1,000. Mahakama iliona kwamba ile 950 ilikuwa imeua ofa ya kwanza, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kukubali tena. Kwa Tanzania, kijana aanze na kifungu cha 7 cha Sheria ya Mikataba, kinachotaka anayekubali ofa aikubali yote bila masharti.

Wiki mbili baadaye mhadhiri anatoa kazi ya alama. Safari hii ni pikipiki inayouzwa milioni 2. Mnunuzi anauliza, "Ukipenda, naweza kulipa kwa awamu mbili?" Muuzaji hajibu. Kesho yake mnunuzi anakubali kulipa zote mara moja, na ofa bado haijaondolewa. Kijana anaona kisa ni kilekile. Anachukua jibu la shamba, anabadilisha majina na kulituma.

Hapo ndipo alipovuka mpaka. Kazi ya alama inapima kama mwanafunzi mwenyewe anaweza kuihusisha sheria na kisa alichopewa, na sehemu hiyo imefanywa na programu. Kubadilisha maneno machache hakulifanyi jibu kuwa lake. Isitoshe, jibu lenyewe si sahihi. Mnunuzi wa pikipiki aliuliza tu, hakutoa bei yake. Tofauti hiyo ilikubaliwa mahakamani mwaka 1880, katika kesi ya Stevenson, Jacques dhidi ya McLean: kuuliza masharti hakuui ofa. Mkataba wa pikipiki upo.

Wahadhiri hugundua kwa njia hiyohiyo. Wanakuta wanafunzi kadhaa wana kosa moja, kwa mpangilio mmoja. Wakati mwingine wanakuta neno "shamba" ndani ya kazi ya pikipiki, au kesi ambayo haipo kabisa. Hili la kesi hewa si dogo: mwaka 2023 huko New York, mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 baada ya kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT.

Asilimia ya kufanana inayotolewa na programu ya Turnitin, peke yake, haithibitishi udanganyifu. Mwanafunzi aliyenukuu vifungu vingi vya sheria naye anaweza kupata asilimia kubwa.

Kwa hiyo cha kuangalia kwanza ni tarehe. Kabla swali la alama halijatolewa, kujipima kwa programu kwa kawaida ni kujisomea, isipokuwa kanuni za chuo zimekataza. Swali likishatolewa, kuiomba programu ijibu "zoezi" lenye kisa kilekile na majina tofauti ni kufanyiwa kazi.

Na kama zoezi la zamani limefanana na swali kwa bahati? Mwanafunzi amwandikie mhadhiri kabla ya kukabidhi, aeleze alitumia nini na lini. Kisha aweke pembeni jibu la zamani, asome kifungu na hukumu zenyewe, aandike upya kutoka kwenye kisa alichopewa. Rasimu zake azitunze.

Mama, mwambie mwanao aende kwenye kamati na mazoezi yake yakiwa na tarehe, pamoja na rasimu za kazi aliyokabidhi. Huenda wakamtaka aeleze kwa mdomo kwa nini alijibu vile. Kama jibu lilitoka kichwani mwake, ataweza kulitetea hata wakibadilisha kisa. Kama alilihamisha, ni heri aseme mwenyewe mapema kuliko kung'ang'ania kuwa yalikuwa mazoezi tu.