Kabla ya kununua mkebe, soma mgongoni

Akina mama kadha wameniuliza kama mtoto aliyetimiza mwaka mmoja anahitaji yale maziwa ya unga ya mkebe yanayouzwa kwa watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu. Jibu liko mgongoni mwa mkebe, ila limeandikwa kwa namna inayowachanganya wengi.

Kwanza, usilinganishe unga na maziwa. Safu ya kwanza ya jedwali huhesabu gramu 100 za unga mkavu, na hakuna mtoto anayeukomba mkavu. Tafuta unga unaotiwa katika kikombe kimoja.

Tuchukue mfano. Mkebe unasema gramu 100 za unga zina wanga gramu 58, sukari gramu 42 na madini ya chuma miligramu 8. Kikombe cha mililita 200 huchukua gramu 30 za unga. Basi mtoto anapata sukari kama gramu 13 na chuma miligramu 2.4. Kikombe kama hicho cha maziwa ya ng'ombe kina sukari kama gramu 10, na chuma hakifiki hata miligramu 0.1.

Tofauti ya sukari yaonekana ndogo. Lakini sukari yote ya maziwa ya ng'ombe ni laktosi, sukari ya asili ya maziwa, ambayo haina ubaya kwa mtoto huyu. Ya mkebe je? Soma orodha ya viungo, ambayo huanza na kile kilicho kingi zaidi. Ukikuta sukari, asali au maltodekstrini karibu na mwanzo, ujue ni nyongeza. Tena maltodekstrini ni wanga uliovunjwavunjwa, kwa hivyo haionekani kwenye mstari wa sukari ingawa hugeuka glukosi upesi mwilini. Utaigundua kwenye mstari wa wanga: gramu 17 kwa kikombe dhidi ya 10 za ng'ombe. Hizo saba za ziada ni karibu vijiko viwili vidogo vya sukari. (Bila shaka, mama anayetia sukari kwenye maziwa ya ng'ombe amejitengenezea mkebe wake mwenyewe.)

Kwa chuma, mkebe umeshinda, na sitakataa. Mtoto wa umri huu huhitaji takriban miligramu 7 kwa siku, na kikombe kile kinampa theluthi. Hata hivyo, vipande viwili vidogo vya maini humpa kiasi hicho hicho, na chuma cha nyama huingia mwilini kwa urahisi zaidi. Siku nyingine mpe ndengu au maharagwe pamoja na chungwa, kwani vitamini C husaidia chuma kuingia. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2023, halipendekezi maziwa haya kwa watoto wa miezi 12 hadi 23.

Mimi ningenunua maini. Lakini maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku, maana mtoto aliyeshiba maziwa hukataa chakula chenye chuma, na damu hupungua. Na chai ya maziwa tunayowapa watoto asubuhi? Majani yake huzuia chuma kile kile tunachokitafuta.