"Nilimkataza" Haikutoi, Bosi

Wasee, dereva akigonga mtu, kuna sentensi moja mwenye gari hukimbilia: "Lakini mimi nilimkataza!" Maoni yangu? Ukiambiwa hivyo, usikubali kurudi nyumbani na mia tano ya kununua dawa.

Chukua mfano huu wa kutunga. Dere wa duka la jumla hapa Lodwar anatumwa kupeleka unga Kakuma, kama kilomita 120. Bosi amemwonya asikimbize gari. Dere anakimbiza, anagonga mtu wa boda. Bosi analipa. Mahakama haiulizi kama dere aliruhusiwa kukosea, kwani nani huruhusu hiyo? Inauliza hivi: kosa lenyewe lilikuwa njia mbaya ya kufanya kazi aliyotumwa, ama alikuwa kwa shughuli zake binafsi?

Hii si mpya. Mwaka 1862 huko London, kampuni ya mabasi ya kuvutwa na farasi ilikuwa imewaandikia madereva wasizibie mabasi ya wenzao. Mmoja akazibia. (Unaona matatu za kwetu hazikuanzisha hii tabia.) Kampuni ikawajibika, kwa sababu alikuwa anagombania abiria wa tajiri wake, si wake. Na mwaka 1967, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika kesi ya Muwonge dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Uganda, iliibebesha Serikali mzigo wa polisi aliyempiga mtu risasi na kumuua wakati wa kutuliza ghasia. Risasi haikuwa na sababu, lakini kutuliza ghasia ndiyo kazi aliyokuwa ametumwa.

Sasa tubadilishe kidogo. Badala ya kwenda Kakuma, dere anakata kona kuelekea Kalokol kumsalimia mpenzi wake, halafu anagonga mtu huko ziwani. Hapo bosi ana la kusema, maana safari imekuwa ya dere. Lakini akipinda tu mtaa mmoja Kakuma kutafuta chakula, bado yuko kazini. Katikati ya hizo mbili ndipo mawakili hukabana koo, na kusema kweli hakuna rula ya kupimia.

Nani athibitishe? Hapa watu wengi hupotezwa. Tangu kesi ya Karisa dhidi ya Solanki ya 1969, ukishaonyesha kuwa gari liliendeshwa kwa uzembe na likakuumiza, mahakama huchukulia kwamba dere alikuwa anamwendeshea mwenye gari, hadi mwenyewe alete ushahidi wa kupinga. Kwa hivyo chukua absitrakti ya polisi, tafuta jina la mwenye gari kwenye rekodi za NTSA, na kama gari lilibeba mzigo, piga picha ya karatasi ya mzigo kabla haijapotea. Hiyo karatasi inasema lilikuwa linaenda wapi na kwa kazi ya nani.

Una miaka 3 ya kushtaki kwa majeraha kama haya. Gari likiwa la Serikali, ni miezi 12 tu.