Kutambua si kukumbuka

Ngazi ya Lavidge na Steiner ya 1961 umeieleza vizuri katika andiko lako: kufahamu, kujua, kupenda, kupendelea, kusadiki, kununua. Ila ulipofika kwenye vipimo umechanganya kukumbuka na kutambua. Niliwahi kuzunguka mitaani na madodoso, na jambo hili lilinisumbua sana. Ukimuuliza mama dukani, "Unakumbuka matangazo gani ya sabuni wiki hii?", anatafuta kichwani bila msaada. Ukimwonyesha picha ya tangazo, anajibu haraka, "Ndiyo, hili nimeliona." Mara nyingine hajaliona, ila sabuni ni ileile anayoitumia, au hataki kukuangusha. Ndiyo maana swali la kukumbuka hutangulia. Picha ikishatoka kwenye bahasha, umeshampa jibu.

Dawa ya wanaodai wameliona kumbe hawajaliona ni kuchomeka tangazo ambalo halijawahi kutoka popote. Tuseme watu 100 wanaonyeshwa yote mawili: 60 wanalitambua la kweli, na 25 wanadai wameliona hata lile la uongo. Toa 25 kwenye 60, ubaki na 35, kisha gawa kwa wale 75 wasiodai kuliona la uongo: unapata kama asilimia 47. Si 60 tena.

Nia ya kununua nayo isiachwe peke yake. "Hakika nitanunua" hutoka kirahisi mdomoni pasipo bei. Waulize pia wasioliona tangazo, maana wateja wa siku nyingi ndio huligundua upesi. Bila hivyo utajuaje kama tangazo ndilo lililoleta mapenzi, au mapenzi ndiyo yaliyowafanya walione?