Tangazo Linalokataza Bila Kuelekeza

Mtaa wetu, pembezoni mwa Jiji la Arusha, umepata tangazo. Baada ya ugomvi kujirudia kwenye kundi la simu, msimamizi ameandika kwamba ni marufuku kutaja jina la jirani, na atakayekiuka atatolewa. Namwelewa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaadhibu taarifa za uongo na unyanyasaji, na hakuna anayetaka kuitwa polisi kwa maneno ya mwenzake.

Lakini tazameni ugomvi wa mwisho ulivyoanza. Jirani wa juu alichelewa kuufunga mfereji zamu yake ilipokwisha alfajiri. Wa chini akakuta migomba yake mikavu, akaipiga picha, akairusha kundini pamoja na jina la mwenzake. Hadi adhuhuri walikuwa wakitukanana watu wasio na hata mgomba mmoja kwenye mfereji ule. Tangazo limefuta jina tu. Zamu ya maji haijazungumzwa mpaka leo.

Wazee wa huku walianzia kwingine. Mwanaanthropolojia P. H. Gulliver, aliyewatafiti Waarusha miaka ya 1950 na kuchapisha kitabu chake 1963, alieleza mashauri yasiyo na hakimu. Kila upande ulikuja na wasemaji wake, wakazungumza hadharani, na shauri likaisha pale pande zote mbili zilipokubaliana. Kasoro yake aliiona pia: aliyekuwa na watu wengi na wasemaji hodari aliondoka na fungu nono zaidi.

Hata sheria ya leo imetanguliza upatanishi. Tangu marekebisho ya 2021, baraza la kata haliamui tena mgogoro wa ardhi. Kazi yake ni kupatanisha, na likishindwa ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Kwa hiyo marufuku ya majina ibaki, ila iongezewe njia. Lalamiko linalomhusu jirani lipelekwe kwa kamati ya mfereji au mwenyekiti wa mtaa, na wahusika wakutane ndani ya siku tatu, kila mmoja na msemaji mmoja tu, ili mjane asiye na ndugu asizidiwe na mwenye ukoo mkubwa. Wakikubaliana, kundini yaandikwe makubaliano peke yake: nani anafungua maji, nani anafunga, saa ngapi. Kipigo na vitisho visipatanishwe hivyo. Hayo ni ya polisi.

Dalili ya kanuni iliyoshindwa ni moja: ugomvi uleule kurudi kwa mafumbo, bila jina. Juzi nimesoma kundini, "Wengine maji wanayanywa na migomba yao." Jina halikutajwa, na mtaa mzima ulijua anasemwa nani.